Mathnawi ya mishororo miwili, vina "viungane": viungane vipi? Naomba msaada kabla ya Jumatatu

binti_mtambwe
Assalaam alaykum wana jukwaa. Niko mwaka wa kwanza chuoni, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya shairi la arudhi. Siku zote nimekuwa nikiandika mashairi huru kwenye simu. Swali lenyewe nalinakili kama lilivyo ubaoni:

"Tunga mathnawi ya beti nne. Kila ubeti mishororo miwili, mizani nane kwa nane. Vina viungane. Mada: msimu wa karafuu."

Mada hainipi tabu, nimezaliwa Mtambwe na karafuu nimeichambua tangu sijaanza skuli. Tabu ni hilo la vina. Nimeanza hivi:

Msimu umeshafika, karafuu zimejaa,
Sote tumeamka, twenda shambani kuchuma.

Kaka yuko kileleni, tawi kamba limefungwa,
Mimi nipo mkekani, makonyo yachambuliwa.

Mwisho zote zinaishia na "a", kwa hiyo nadhani vina viko sawa. Ila mwenzangu wa bwenini kaniambia hakuna kilichoungana hapo. Nimekosea wapi?

kombo_k
Wa alaykum salaam. Dada, umeshaharibu mwanzoni. Mathnawi ni shairi la vipande viwili, ukwapi na utao, na shairi la Kiswahili ubeti wake ni mishororo minne. Ongeza miwili kila ubeti utapata alama zako. Mimi kidato cha nne tulifundishwa hivyo na nikafaulu.

binti_mtambwe
Kaka Kombo, lakini swali limesema miwili.

kombo_k
Basi mwalimu kakosea. Ya mishororo miwili inaitwa tathnia.

maalim_vitongoji
Kombo, umeshika kweli ukaivuta ikapita mpaka. Darasani kwetu mathnawi huitwa kwa kuangalia vipande: mshororo ukikatika vipande viwili, ukwapi wa kwanza na utao wa pili, hiyo ni mathnawi. Hapo uko sawa. Lakini jina hilo halisemi chochote juu ya idadi ya mishororo. Tathnia ndiyo inayohesabu mishororo. Shairi moja linaweza kuwa tathnia kwa mishororo yake na likawa mathnawi kwa vipande vyake, kama wewe ulivyo Kombo kwa jina na Mpemba kwa kuzaliwa. Mwalimu wake hakukosea.

Nao wenye neno hili kabla yetu walilitumia kwa maana nyengine. Asili yake ni Kiarabu, ni lile lile "mathna" mnalolisoma katika Suratun-Nisaa aya ya tatu, "wawili wawili". Waajemi waliita mathnawi utungo mrefu ambao kila mistari miwili ina kina chake, ikija miwili mingine kina kinabadilika. Jalaluddin Rumi, aliyezaliwa 1207 akafa Konya 1273, alitunga maelfu ya mistari kwa njia hiyo, kila mstari silabi kumi na moja. Uwili wao ni wa mistari inayofungana, uwili wetu ni wa vipande ndani ya mshororo. Nadhani mwalimu wako, binti, kaziweka zote mbili katika swali moja: vipande viwili vya kwetu, mishororo miwili inayofungana kama ya kwao.

ngalawa7
Rumi huyu ndiye mwenye zile nukuu za mapenzi watu wanaweka kwenye status? Naweza kupata kitabu chake kwa Kiswahili wapi?

maalim_vitongoji
Ndiye, ingawa mengi ya kwenye status si yake. Fungua uzi wako wa vitabu, hapa tumsaidie mtoto.

Binti, nirudi kwenye kazi yako. Kwanza ondoa fikra kwamba kina ni herufi ya mwisho. Kina ni silabi nzima. "Zimejaa" inaishia na silabi "a" peke yake, "kuchuma" inaishia na "ma". Hizo hazina udugu. Ungetaka kufuatana na "zimejaa" ungetafuta "kukaa", "kuvaa", "dagaa". Halafu angalia ubeti wa pili: "limefungwa" ni "ngwa", "yachambuliwa" ni "wa". Macho yanadanganywa kwa kuwa zote zina "wa" mwishoni, lakini sema kwa sauti. Ulimi unafanya kazi mbili tofauti.

Pili, hesabu huu: "Sote tumeamka". So-te-tu-me-a-m-ka. Saba. Umepungukiwa na mzani mmoja.

binti_mtambwe
Saba kweli. Nilihesabu kwa macho. Maalim, hiyo "m" ya "amka" ni mzani peke yake? Na "m" ya "mbio" nayo?

maalim_vitongoji
Ya "amka" na ya "mkeka" inasimama peke yake, ihesabu. Ya "mbio" imeshikana na "b", haitoki bila yake: mbi-o, mizani miwili. Lakini neno fupi kama "mbwa" au "nchi" hiyo sauti ya mbele inasimama: m-bwa, n-chi. Weka kidevu juu ya kiganja useme, kidevu kinashuka mara ngapi. Si kipimo cha kitabuni, ila mimi kimenisaidia tangu utoto, na ile "m" inayosimama utaisikia kwenye pua hata kama kidevu hakikushuka.

shangazi_malindi
Nami naingia. Mie si mtu wa chuo, nimeandika nyimbo za taarab miaka mingi hapa mjini. Sisi hatuhesabu kwa kidevu wala kwa vidole, tunaliimba. Shika mahadhi yoyote unayoyajua, hata ya kasida, upitishe mshororo wako. Ukifika "Sote tumeamka" utajikuta unaivuta "so" au "te" ili ufike. Pale unapovuta bila kutaka, pana shimo. Pale unapokimbia, pana mzani wa ziada.

Ila mwanangu, mbona hakuna aliyejibu swali lake? Kauliza viungane vipi.

ngalawa7
Mimi nililetewa swali kama hilo mwaka juzi! "Vina viungane." Nikafanya pindu: neno la mwisho la ubeti nikalirudia mwanzo wa ubeti unaofuata. Nikarudishiwa karatasi imeandikwa kwa wino mwekundu "hukujibu swali". Mpaka leo sijaambiwa jibu lilikuwa nini.

kombo_k
Kwa sababu pindu inaunganisha maneno, si vina. Hata mimi hilo nalijua.

ngalawa7
Lakini neno likirudiwa na kina kinarudiwa!

maalim_vitongoji
Kinarudiwa, ila mahali pasipo pa kina. Ukilirudisha neno mwanzo wa ubeti, sauti yake inaanguka kwenye mizani ya kwanza kwanza, na sikio halingoji kina hapo. Sikio linangoja penye kituo: mwisho wa ukwapi na mwisho wa utao. Mwenye kusahihisha alikuwa na haki, japo angekueleza.

Sasa, "viungane". Naona maana mbili. Ya kwanza ndogo: katika kila ubeti, kina cha kati cha mshororo wa kwanza kifanane na cha wa pili, na cha mwisho vivyo hivyo. Ubeti ukiisha unachukua vina vipya. Hiyo sisi tunaiita ukaraguni. Ya pili kubwa: kina cha mwisho cha ubeti wa kwanza kiwe kina cha kati cha ubeti wa pili, cha mwisho cha wa pili kiwe cha kati cha wa tatu, beti zishikane mikono. Ukifanya ya pili, ya kwanza umeshaitimiza ndani yake. Kwa hiyo kama hujui mwalimu anataka ipi, fanya ya pili.

shangazi_malindi
Na akitaka kina cha mwisho kimoja toka mwanzo mpaka mwisho, je? Wako wanaosema huko ndiko kuungana. Utenzi una kina chake cha mwisho kisichobadilika, ndiyo bahari yake, na watu husema beti "zimeungwa" kwa bahari.

maalim_vitongoji
Hilo linawezekana, dada yangu, siwezi kuliapia. Binti amuulize mwalimu wake.

binti_mtambwe
Nimemtumia ujumbe jana usiku. Kajibu maneno mawili: "Vifungane tu." 😩

kombo_k
Hahaha. Yakhe, hapo umerudi ulikotoka.

binti_mtambwe
Nitafanya ya mikono kushikana. Nimejaribu usiku kucha. Nikipata mshororo mzuri, kina chake kinanifunga ubeti unaofuata, sipati neno. Niliacha ubeti wa kwanza uishie na "vumbi" kwa kuwa ni kweli njia ya shamba ina vumbi. Kisha ubeti wa pili nikahitaji "mbi" mbili za kati. Nimepata "kiwambi" tu, na sijui hata maana yake.

maalim_vitongoji
Hapo ndipo pa kazi yenyewe. Kosa lako ni kuanza na mishororo. Katika utungo wa kushikana unaanza na vina, mishororo inakuja baadaye.

Tufanye hesabu. Beti nne, mishororo minane, kila mshororo una vina viwili: maneno kumi na sita ya kituo. Kina cha kati cha ubeti wa kwanza kinahitaji maneno mawili tu. Kina cha mwisho cha ubeti wa kwanza kinahitaji manne, mawili hapo na mawili katikati ya ubeti wa pili. Vivyo hivyo kila kina cha kiungo. Kwa hiyo kabla hujaandika hata neno moja la shairi, kila kina cha kiungo kiwe na maneno manne ya maana yanayohusu karafuu, tena uwe na mawili ya akiba. "Mbi" ukiwa nayo moja usiiweke kwenye kiungo. Kama unaipenda sana "vumbi", iweke ndani ya kipande, kwenye mizani ya pili na ya tatu, ambako haidai mwenza.

Andika safu kwenye daftari: ka, ni, wa, li. Chini ya kila moja maneno ya shambani. Usitafute mashairi, tafuta maneno.

shangazi_malindi
Maalim kasema kweli, ila angalieni: "ni" na "wa" ni rahisi mno. Kila mahali ni "ni": shambani, mtini, jamvini, mkononi. Kila kitendwa ni "wa". Ukijaza zote hizo shairi litapita mtihani lakini halitakuwa tamu. Kama lazima utumie "ni", basi pale penye "li" tafuta maneno ya asili tofauti, moja jina, moja sifa, moja kitendo. Sikio linachoka likisikia mkia ule ule ukibandikwa.

maalim_vitongoji
Nakubali nusu. Kwa mtunzi mkongwe ni kasoro, kwa mtoto wa utungo wa kwanza ni mkongojo, aushike.

binti_mtambwe
Nimekaa na daftari kutwa. Safu zangu:

ka: amka, zimewaka, zikauka, twainuka, fika, wika
ni: mtini, shambani, kileleni, mkekani, jamvini
wa: limetiwa, yachambuliwa, zikihesabiwa, ukitolewa
li: makali, kali, batili, mbali, ghali

Na huu ubeti wa kwanza na wa pili upya. "Limefungwa" nimeitoa, nimeweka "limetiwa".

Karafuu zimewaka, nyekundu juu mtini,
Alfajiri twaamka, twashika njia shambani.

Kaka yuko kileleni, tawi kamba limetiwa,
Mimi nipo mkekani, makonyo yachambuliwa.

juma_konde
Mimi sijui vina lakini karafuu naijua, ni kazi yangu. "Tawi kamba limetiwa" ni kweli kabisa. Tawi likiwa mbali unalivuta kwa kamba ulifunge kwenye shina ndio mkono ufike. Na "zimewaka nyekundu" pia kweli, wakati wa kuchuma ni pale kichwa kinapoanza kushika wekundu kabla hakijafunguka. Kikishafunguka ua, bei imeshapungua. Mshairi gani mwengine anayajua haya?

maalim_vitongoji
Mazuri. "Nyekundu juu mtini": nye-ku-ndu-ju-u-m-ti-ni, nane. Sasa sikilizeni kinachotokea kwenye kiungo. Ndani ya ubeti, kina cha "mtini" kinajibiwa na "shambani" baada ya mizani kumi na sita. Lakini toka "shambani" mpaka "kileleni" ni mizani minane tu. Kwa hiyo kiungo kinasikika karibu zaidi kuliko kina cha ubeti wenyewe. Ndiyo utamu wa namna hii, na ndiyo hatari yake: ukikosea katikati ya ubeti huenda msikilizaji asigundue, ukikosea kwenye kiungo atageuza shingo.

Lakini "Alfajiri twaamka" kuna neno. A-l-fa-ji-ri-twa-a-m-ka. Tisa.

kombo_k
Nane! Al-fa-ji-ri. "Al" ni silabi moja. Hakuna Mswahili anayesema "a...l...fajiri".

maalim_vitongoji
Katika mizani konsonanti ya neno la mkopo iliyosimama bila irabu nimefundishwa kuihesabu peke yake. La-b-da, mizani mitatu. Ndiyo maana wengine wakiandika huitia irabu kabisa, wakasema "labuda".

shangazi_malindi
Kwenye kuimba inategemea. Nikiwa na nafasi naivuta "alifajiri", nikibanwa naisema "alfajiri". Mie sijawahi kumwona mtu akikatwa alama jukwaani kwa hilo.

maalim_vitongoji
Jukwaani hapana, darasani ndiyo. Wasahihishaji wenyewe hawakubaliani.

kombo_k
Basi aweke "Asubuhi twaamka". A-su-bu-hi-twa-a-m-ka. Nane hata kwa hesabu yako.

juma_konde
Asubuhi? Asubuhi tumeshajaza pakacha la kwanza. Mwenye kuamka asubuhi msimu wa karafuu ni mwenye shamba.

binti_mtambwe
😂 Baba yangu angesema hivyo hivyo. Nimepata hii:

Majogoo wakiwika, twashika njia shambani.

Ma-jo-go-o-wa-ki-wi-ka. Nane, na hakuna "l" ya kugombania. Na majogoo ni wakati pia, si kuku tu.

maalim_vitongoji
Ahsante. Hiyo ni bora kuliko zote tulizokupa. Neno linaloepuka ugomvi likazidisha maana, hilo halirudishwi.

shangazi_malindi
Umeniweza, mwanangu. Nitakuibia siku moja.

binti_mtambwe
Ubeti wa tatu umenitesa. Nilianza:

Pishi zikihesabiwa, maneno huwa makali,
Ujira ukitolewa, tunacheka wote kweli.

shangazi_malindi
"Kweli" hapo haifanyi kazi yoyote, imekuja kujaza kiti. Nikikuuliza "mnacheka wote uongo?" utanijibu nini?

maalim_vitongoji
Shangazi kasema. Nikupe hila moja ninayoitumia. Neno ulilolitaka hasa, lile lenye nguvu, liweke mshororo wa pili. Neno ulilolitafuta kwa ajili ya kina liweke mshororo wa kwanza. Msikilizaji hajui bado kwamba kina kinatafutwa, kwa hiyo la kwanza linapita bila kushukiwa. La pili likija analiona kama limezaliwa hapo. Wewe umefanya kinyume. "Makali" ndilo lenye maisha, ugomvi wa pishi tunaujua sote, na umelitanguliza. Aidha lipeleke chini, au mshororo wa pili uutafutie neno lenye nguvu sawa. Katika safu yako una "batili", na hujalitumia.

binti_mtambwe
Pishi zikihesabiwa, maneno huwa makali,
Ujira ukitolewa, hasira yote batili.

Ha-si-ra-yo-te-ba-ti-li. Nane. Siwezi kupeleka "makali" chini kwa sababu ugomvi unakuja kabla ya ujira. Ukigeuza, watu watakuwa wanagombana baada ya kulipwa.

juma_konde
Hilo nalo hutokea.

kombo_k
Swali. Ubeti wa nne kati yake iwe "li", kisha mwisho? Lazima kina kipya?

maalim_vitongoji
Si lazima. Anaweza kuchukua kipya kikafa hapo, kinahitaji maneno mawili tu. Au anaweza kurudi kwenye "ka" ya mwanzo, mkufu ukajifunga. Ana "zikauka" na "twainuka" kwenye safu, kwa hiyo naona ameshawaza.

binti_mtambwe
Nimewaza kweli, Maalim. Hili ndilo zima:

Karafuu zimewaka, nyekundu juu mtini,
Majogoo wakiwika, twashika njia shambani.

Kaka yuko kileleni, tawi kamba limetiwa,
Mimi nipo mkekani, makonyo yachambuliwa.

Pishi zikihesabiwa, maneno huwa makali,
Ujira ukitolewa, hasira yote batili.

Zaanikwa jua kali, siku tatu zikauka,
Wingu likitanda mbali, mbio sote twainuka.

juma_konde
Siku tatu jua likikubali. Likikataa, nne mpaka tano. Lakini hiyo ya wingu umenimaliza. Watu wanaruka mpaka wanaacha viatu.

kombo_k
Nimehesabu yote kwa vidole, nane nane. Nakubali. Ila "makali" halafu "jua kali", neno moja limerudi kwenye kiungo. Si kasoro hiyo?

maalim_vitongoji
Naiona kasoro ndogo. Kiungo kizuri kiungwe na maneno mawili tofauti, sauti ikutane na maana iachane. "Makali" ya maneno na "kali" ya jua ni mzizi mmoja, na yako karibu mno.

shangazi_malindi
Mie naipenda hapo hapo. Ukali umetoka midomoni ukapanda juani. Ukiimba utaisikia, maneno makali, jua kali. Ningeiacha.

maalim_vitongoji
Basi mimi na wewe tusikubaliane. Kuna jambo jengine naliona zito kuliko hilo: "zaanikwa" zinaanikwa nini? Ubeti wa tatu umezungumza ujira na hasira, karafuu hazikutajwa. Sauti zimeungana, maana imekatika. Vina vikishikana vizuri mtunzi hudhani na habari imeshikana.

binti_mtambwe
Hilo sikuliona kabisa. Nikiweka "Karafuu jua kali"? Ka-ra-fu-u-ju-a-ka-li ni nane, lakini kitendo kimepotea.

shangazi_malindi
"Karafuu jua kali, siku tatu zikauka." Kitendo ni kukauka, kimo. Inaeleweka, tena imekuwa fupi kama methali. Ushairi unaruhusu.

maalim_vitongoji
Inaruhusiwa, na karafuu zimerudi kichwani mwa ubeti. Mwalimu mkali wa sarufi ataweka alama ya kuuliza. Amua wewe.

ngalawa7
Samahani narudi nyuma. Kwa hiyo mimi nikichukua pindu yangu, yale maneno ya mwanzo nikayasogeza mpaka mwisho wa ukwapi, ingekuwa sawa?

maalim_vitongoji
Ingekuwa karibu sana. Usirudishe neno lenyewe, rudisha silabi yake kwa neno jengine. Tuletee hapa tuione.

binti_mtambwe
Nimeikabidhi leo asubuhi na "Karafuu jua kali". Pembeni nimechora mishale midogo toka mwisho wa kila ubeti hadi kati ya unaofuata, ili mwalimu asiseme hakuona. Kaangalia mishale, kacheka, kaniuliza "Nani kakwambia mkufu?" Sikujua nijibu nini, nikasema shangazi wa Malindi. Alama bado hazijatoka.

shangazi_malindi
Mie sikusema mkufu! Maalim ndiye. Lakini akikupa nzuri, sawa, nilisema mimi.